Namna ya Kumwandikia Mtengenezaji Ili Athibitishe Namba ya Toleo ya Bidhaa Unayoishuku

Oktoba 2025 nilinunua chupa mbili za losheni ya mtoto, za mililita 400 kila moja, katika duka la jumla Kariakoo. Nyumbani Sinza tulikuwa na chupa ya losheni hiyohiyo iliyokaribia kwisha, tuliyoinunua miezi kadhaa nyuma katika famasi ya mtaani kwetu. Mke wangu alipofungua chupa moja mpya aliona kwamba losheni ilikuwa nyepesi, ikitiririka kiganjani badala ya kutulia, na harufu yake ilikuwa kali kuliko ile tuliyoizoea. Nilimwandikia mtengenezaji siku hiyohiyo sentensi moja tu: "Naomba kujua kama bidhaa yenye namba L5098K2 ni halali." Nilijibiwa kwamba namba hiyo ni ya kiwanda chao na kwamba wananishukuru kwa kutumia bidhaa zao. Tukaendelea kumpaka mtoto kwa siku tisa, mpaka ngozi ya mikunjo ya viwiko ilipoanza kuwa nyekundu.

Jibu lile halikuwa la uongo. Namba ilikuwa ya kwao kweli, ila chupa haikuwa yao. Anayeghushi bidhaa hana sababu ya kubuni namba ilhali anaweza kununua chupa moja halisi, akainakili namba yake na kuichapa katika chupa elfu moja. Kwa hiyo swali la kama namba ipo katika kumbukumbu za kiwanda halitoshi. Linalopaswa kuulizwa ni kama chupa hii, yenye ujazo huu, lebo hii, msimbopau huu na tarehe hizi, ilitoka katika toleo hilo. Maelezo yafuatayo yanahusu jinsi ya kuandika barua pepe inayouliza hivyo, na jinsi ya kulisoma jibu litakalorudi.

Kwanza, itenge bidhaa na uihifadhi

Acha kuitumia mara tu shaka inapoingia, hata kama hujapata uhakika. Usiitupe wala usiirudishe dukani kwa haraka, kwa sababu chupa ndiyo ushahidi pekee ulio nao, na mwenye duka akiichukua hutakuwa na cha kupiga picha wala cha kumpa mtengenezaji akiomba sampuli. Ifunge, iweke katika mfuko safi wa plastiki, uandike juu ya mfuko tarehe uliyoinunua, duka na siku uliyoacha kuitumia, kisha uiweke mahali pasipofikiwa na jua. Kama ulinunua zaidi ya moja, hakikisha moja inabaki haijafunguliwa kabisa.

Tafuta risiti. Risiti ya EFD ina jina la muuzaji, namba yake ya mlipakodi, tarehe na saa, na mtengenezaji anaweza kuitumia kufuatilia mzigo mpaka kwa msambazaji. Kama hukupewa risiti, andika kwenye karatasi siku hiyohiyo unachokumbuka: mtaa, bei na jinsi ulivyolipa. Ujumbe wa malipo ya simu nao unafaa.

Mtu aliyeitumia akiwa amepata vipele, uvimbe au muwasho, nenda kituo cha afya kwanza. Barua inaweza kuandikwa kesho. Sisi tulimpeleka mtoto zahanati, na daktari hakusema kwamba losheni ndiyo chanzo, kwa sababu mikunjo ya mtoto huwa myekundu kwa joto na jasho pia. Nilipoandika barua ya pili nililiandika hilo kama lilivyo, bila kuongeza.

Isome namba yenyewe, tena kwa makini

Namba ya toleo, ambayo wengi huiita bechi namba, ni alama fupi ya herufi na tarakimu inayotambulisha mzigo mmoja uliotengenezwa kwa pamoja. Katika chupa za losheni mara nyingi huwa kitakoni, shingoni au nyuma ya chupa chini ya lebo. Katika tyubu hubonyezwa kwenye ule mkunjo bapa wa mwisho. Huwa haichapwi pamoja na lebo, kwa kuwa lebo huchapishwa mapema kwa wingi, ilhali namba hii huwekwa wakati bidhaa inajazwa, kwa wino wa vidoto vidogo au kwa leza. Kwa hiyo ukiiona imechapwa kwa wino uleule na maandishi yaleyale ya lebo, kana kwamba vyote vilitoka pamoja, hilo linastahili kutajwa katika barua.

Usiichanganye na msimbopau, yaani ile mistari myeusi yenye tarakimu 13 chini yake. Msimbopau ni wa aina ya bidhaa na ujazo wake, na chupa zote za mililita 400 za losheni ile zinakuwa na msimbopau mmoja, ziwe zimetengenezwa mwaka huu au mwaka jana. Watu wengi hapa mjini hutazama tarakimu tatu za mwanzo wakiamini zinaonyesha nchi bidhaa ilipotengenezwa. Haziionyeshi. Zinaonyesha tu shirika la nchi gani liliipa kampuni namba hiyo, 620 ikiwa ya Tanzania na 616 ya Kenya, na kampuni iliyosajiliwa nchi moja inaweza kuwa na kiwanda katika nchi nyingine. Hata hivyo unakili msimbopau wote, maana utakuwa na kazi kubwa baadaye.

Chupa yetu ilikuwa na mstari huu nyuma:

```
L5098K2 14:37
EXP 04/2028
```

Viwanda vingi hutumia mpangilio ambamo tarakimu moja ni ya mwaka na tatu zinazofuata ni za siku katika mwaka. Kwa mpangilio huo 5098 ingekuwa siku ya 98 ya mwaka 2025, ambayo ni tarehe 8 Aprili, na hilo linaafikiana na mwisho wa matumizi wa miaka mitatu baadaye. Lakini kila kampuni ina mpangilio wake, na wewe huna ufunguo wake. Fanya hesabu hiyo kwa faida yako tu, usiandike katika barua kwamba "bidhaa hii ilitengenezwa tarehe 8 Aprili." Ukimpa mhudumu tarehe, naye ana haraka, atakwambia ni sahihi. Hali ni hiyohiyo kwa tovuti zinazokutaka uingize namba na kukupa tarehe ya kutengenezwa. Zinageuza tarakimu kuwa tarehe, basi. Namba iliyonakiliwa itatoa tarehe nzuri kabisa.

Nakili namba kama ilivyo, pamoja na nafasi, vistari na saa. Makosa mengi hutokea kati ya sifuri na herufi O, kati ya moja na herufi I, kati ya nane na B, na kati ya tano na S. Pale penye utata, eleza kwa maneno: "herufi ya mwanzo ni L, inafuatwa na tarakimu tano, sifuri, tisa, nane, kisha herufi K na tarakimu mbili." Nimeona mtu akiambiwa namba yake haipo kabisa kumbe aliandika O mahali pa sifuri, na wiki mbili zikapotea.

Saa iliyochapwa inahitaji uangalifu. Chupa mbili za katoni moja kuwa na dakika ileile si ajabu, kwa sababu mashine ya kiwanda hujaza chupa nyingi kwa dakika moja. Chupa zangu mbili zote zilikuwa na 14:37 na sikulitilia maanani. Kilichonishtua ni jirani yetu kuja na chupa aliyoinunua Mbagala mwezi Agosti, duka tofauti na miezi miwili kabla, nayo ikiwa na L5098K2 na 14:37. Inawezekana zote zilitoka dakika moja, lakini pia ndivyo zinavyokuwa chupa zilizochapwa kwa namba moja isiyobadilika. Ukipata jambo kama hilo, litaje.

Picha zitakazomsaidia anayezichunguza

Barua bila picha hujibiwa na mhudumu wa mapokezi. Picha zinazosomeka zina nafasi ya kufika kwa watu wa ubora kiwandani, na hao ndio unaowahitaji.

Piga mchana karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya kamera, kwa kuwa taa hung'arisha plastiki na kuifuta namba. Namba iliyobonyezwa au iliyochorwa kwa leza haionekani ukiipiga kwa mbele. Igeuze chupa mpaka mwanga uipitie kwa ubavu, na vivuli vitaionyesha. Picha tano zinatosha: mbele ya chupa yote, nyuma yote yenye orodha ya viambato, namba ya toleo kwa karibu sana, msimbopau, na kifuniko au pampu pamoja na lakiri kama ipo. Kama una chupa ya zamani usiyoishuku, ipige ya sita zikiwa zimesimama sambamba. Picha hiyo moja ya kulinganisha ilitusaidia kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu ilionyesha kuwa kifuniko cha chupa mpya kilikuwa na rangi iliyofifia na lebo yake ilianza juu kidogo.

Zitume kama viambatisho vya barua pepe, si kupitia programu inayozibana mpaka vidoto vya wino vinapotea. Zipe majina yanayoeleweka, mfano `picha3_namba_ya_toleo.jpg`, ili ndani ya barua uweze kumwelekeza msomaji kwenye picha ya tatu.

Anwani usiichukue kwenye chupa

Hapa ndipo watu makini hukosea. Kama chupa ni bandia, basi lebo nzima iliandikwa na aliyeighushi, na hakuna kinachomzuia kuweka namba ya simu au barua pepe yake mwenyewe. Utamwandikia, naye atakuhakikishia kwamba bidhaa ni halali.

Pata anwani kwenye tovuti ya mtengenezaji, uandike jina la tovuti mwenyewe badala ya kubonyeza tangazo la kwanza linalojitokeza. Angalia kwamba sehemu ya anwani baada ya alama ya @ ni jina lilelile la tovuti, si anwani ya bure inayoweza kufunguliwa na yeyote. Kurasa za mitandao ya kijamii zinazojiita "huduma kwa wateja" usizitumie kwa jambo hili. Ukipata namba ya simu kwenye tovuti, piga kuuliza tu anwani sahihi ya malalamiko ya ubora, kisha uandike. Kwa simu namba ya toleo husikika vibaya, picha hazipiti, na hutabaki na maandishi yoyote ya kile ulichoambiwa.

Kama tovuti ina fomu badala ya barua pepe, na nafasi ni finyu, namba ya toleo, msimbopau, ujazo na mji ulikonunua viwe katika mistari miwili ya kwanza. Kabla ya kubonyeza kutuma, nakili ulichoandika mahali pengine, maana fomu nyingi hazikurudishii nakala.

Barua yenyewe

Barua ya kwanza niliyoandika ilishindwa kwa sababu iliuliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo au siyo. Swali la namna hiyo humruhusu mhudumu kuingiza namba kwenye kompyuta, aone kwamba ipo, na kujibu. Maswali ya barua ya pili niliyaandika kwa namna ambayo mtu hawezi kuyajibu bila kufungua kumbukumbu za toleo lile. Badala ya "je, ni kweli toleo hili ni la mililita 400?", niliuliza "toleo hili lilijazwa katika chupa za ujazo gani?" Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa swali la pili anayejibu analazimika kwenda kutazama.

Kichwa cha barua pepe kibebe namba, bidhaa na mji, ili anayepanga barua ajue pa kuipeleka bila kuifungua. Maneno kama "MSAADA HARAKA" hayamsaidii. Barua yangu ya pili, nikiwa nimeondoa jina la kampuni na mawasiliano yangu, ilikuwa hivi:

> Kichwa: Ombi la uthibitisho wa toleo L5098K2, losheni ya mtoto ml 400, iliyonunuliwa Dar es Salaam
>
> Ndugu Mhusika, Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
>
> Naomba mnisaidie kuthibitisha kama chupa mbili za losheni ya mtoto nilizonunua tarehe 11 Oktoba 2025 katika duka la jumla Kariakoo, Dar es Salaam, zilitengenezwa na kiwanda chenu. Naomba barua hii ipelekwe kwa kitengo cha ubora, kwa kuwa nilishajibiwa kwamba namba ya toleo ipo katika kumbukumbu zenu, na ombi langu la sasa linahusu chupa zenyewe.
>
> Namba iliyochapwa nyuma ya chupa ni L5098K2 14:37 (herufi L, tarakimu tano, sifuri, tisa, nane, herufi K, tarakimu mbili). Chini yake pameandikwa EXP 04/2028. Msimbopau wote unaonekana katika picha ya nne. Chupa ni za mililita 400.
>
> Nimeona tofauti tatu nikilinganisha na chupa ya losheni hiyohiyo niliyoinunua mapema mwaka huu: losheni ni nyepesi na inatiririka, harufu ni kali zaidi, na rangi ya kifuniko imefifia. Tofauti hizo zinaonekana katika picha ya sita, isipokuwa harufu. Aidha, chupa iliyonunuliwa Mbagala mwezi Agosti 2025 ina namba ileile na saa ileile.
>
> Naomba majibu ya maswali haya:
>
> 1. Toleo L5098K2 ni la bidhaa gani, na lilijazwa katika chupa za ujazo gani?
> 2. Tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi ya toleo hilo ni zipi?
> 3. Je, toleo hilo lilipelekwa katika soko la Tanzania?
> 4. Je, uchapaji wa namba unaoonekana katika picha ya tatu, kwa mahali na kwa aina ya wino, unalingana na wa kiwanda chenu?
> 5. Je, kumekuwa na mabadiliko ya mchanganyiko, harufu au kifuniko mwaka huu yanayoweza kueleza tofauti nilizoziona?
>
> Losheni ilitumiwa kwa mtoto wa miezi minane kwa siku tisa. Siku ya tisa wekundu ulionekana katika mikunjo ya viwiko, tukaacha kuitumia siku hiyo na kumpeleka zahanati. Daktari hakuthibitisha chanzo. Natoa taarifa hii ili muiweke katika kumbukumbu zenu za usalama wa bidhaa.
>
> Chupa moja haijafunguliwa na nyingine imetumika kiasi. Zote nimezihifadhi na niko tayari kutoa sampuli mkiihitaji. Naomba mnipatie namba ya kumbukumbu ya shauri hili.
>
> Wenu,
> (jina kamili, simu, Dar es Salaam)

Swali la tano ni la lazima. Losheni ni mchanganyiko wa maji na mafuta ulioshikanishwa, na joto la kontena au la ghala lisilo na hewa linaweza kuuvunja mpaka ukawa mwepesi, hata bidhaa ikiwa halisi kabisa. Kampuni pia hubadilisha manukato na wasambazaji wa vifuniko bila kutangaza. Ukiandika kwamba unajua bidhaa ni feki, utajibiwa kwa tahadhari ya kisheria. Ukiuliza kama kuna maelezo mengine, utajibiwa kwa maelezo.

Swali la nne nalo limepangwa kwa kusudi. Kampuni nyingi hazitakueleza namna zinavyochapa namba zao, na ziko sahihi, kwa sababu maelezo hayo yangemsaidia mghushi. Lakini hakuna ubaya wa kukuambia kama picha yako inalingana au hailingani.

Tarehe ziandike kwa jina la mwezi. Ukiandika 11/10/2025 kwa kampuni ya nje, wapo watakaosoma Novemba 10. Jina la duka sikulitaja katika barua ya kwanza wala ya pili. Nilikusudia kulitoa kwa anayeshughulikia shauri akiliomba, kwa kuwa mwenye duka anaweza kuwa ametapeliwa kama mimi, na jina lake likizunguka kabla ya uthibitisho huwezi kulirudisha. Kitambulisho cha taifa na taarifa za benki hazihitajiki hata kidogo kuthibitisha toleo, na akizitaka mtu, ujue hujaandikia mahali sahihi.

Kulisoma jibu

Subiri siku saba za kazi, kisha ukumbushe kwa kujibu juu ya barua ileile ili picha na namba ya kumbukumbu zisitengane na shauri.

Jibu la aina ya kwanza ni lile nililopata mwanzo: namba ipo. Kama huo ndio mwisho wa sentensi, hujajibiwa. Rudisha barua kwa upole: "Nashukuru kwa kuthibitisha kwamba namba ipo. Naomba pia jibu la swali la kwanza na la nne, kwa kuwa namba inaweza kunakiliwa." Jibu la pili ni kwamba namba haipo. Kabla ya kulipokea, linganisha namba waliyoiandika wao katika jibu na iliyo kwenye chupa, herufi kwa herufi. Ikiwa ni ileile, basi una jambo zito mkononi.

Jibu la tatu ni kwamba toleo ni la kwao lakini halikupelekwa Tanzania. Hili halimaanishi bidhaa ni bandia. Dar es Salaam ni mji wa bandari, na wafanyabiashara huingiza kihalali au kwa njia za panya bidhaa halisi zilizokusudiwa soko lingine, ambazo zinaweza kuwa na lugha tofauti kwenye lebo au hata mchanganyiko tofauti. Uliza basi kama ujazo, lebo na uchapaji vinalingana na toleo lililopelekwa soko hilo.

Jibu la nne ndilo nililolipata baada ya siku kumi na moja. Mtu wa kitengo cha ubora aliandika kwamba toleo L5098K2 lilitengenezwa tarehe 8 Aprili 2025, mwisho wa matumizi ukiwa Aprili 2028, lilipelekwa Tanzania, na lilijazwa katika chupa za mililita 200 peke yake. Msimbopau uliokuwa kwenye picha yangu ya nne ulikuwa halali, lakini wa chupa ya mililita 400. Aliyeghushi alinakili lebo ya chupa kubwa na namba ya chupa ndogo. Kila kimoja kilikuwa cha kweli kikiwa peke yake, na hakuna tovuti ya kusoma tarehe ambayo ingeligundua hilo. Barua yangu ya kwanza haikutaja ujazo wala msimbopau, kwa hiyo aliyenijibu hakuwa na cha kulinganisha.

Kwa upande mwingine, kila kitu kikilingana bado hujapata uhakika kamili, maana mghushi makini atanakili chupa nzima bila kuchanganya. Hapo kinachoamua ni sampuli. Viwanda vya vipodozi huhifadhi sampuli za akiba za matoleo yao, na kitengo cha ubora kinaweza kuweka losheni yako kando ya ile ya akiba na kuzipima. Ikiwa tofauti uliyoiona ni ya mchanganyiko wenyewe, na siyo ya lebo au kifuniko tu, omba jambo hilo kwa maneno hayohayo, hata kama majibu ya maswali yote ni mazuri.

Wakiomba sampuli

Usitume vyote ulivyo navyo. Uliza kwa maandishi nani atakuja kuchukua au nani atalipia usafiri, na matokeo yatatolewa kwa njia gani. Nilimkabidhi mjumbe wa kampuni chupa iliyofunguliwa, tukaandika karatasi yenye tarehe, namba ya toleo, kiasi kilichokuwemo na majina yetu, tukasaini wote wawili na kila mmoja akabaki na nakala. Nilipiga picha ya chupa ikiwa juu ya karatasi hiyo. Ile isiyofunguliwa ilibaki nyumbani.

Mtengenezaji akikuandikia kwamba bidhaa si yake, peleka nakala ya jibu hilo kwa mamlaka bila kungoja kampuni ifanye hivyo. Bidhaa bandia kwa ujumla hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Vipodozi na vyakula, tangu mwaka 2019, viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kabla ya hapo vilikuwa TFDA, ambayo sasa ni TMDA na imebaki na dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo losheni yetu ilikuwa ya FCC na TBS, na kama ingekuwa dawa ya kumeza ningekwenda TMDA. Kwa dawa nisingengoja jibu la mtengenezaji hata siku moja kabla ya kutoa taarifa.

Ambatisha barua zote kwa mpangilio wa tarehe, picha sita, nakala ya risiti na karatasi ya makabidhiano, na hapa ndipo jina la duka linapotajwa. Chupa isiyofunguliwa usimpe mtu mwingine yeyote, wala usiifungue kunusa tena, mpaka kampuni na mamlaka wakuandikie kwamba hawaihitaji.